Sura ya Sita: Mwanya na Mwenye Mwanya

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu mpaka Kilwa, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, mwanya baina ya meno mawili ya mbele ya juu umehesabiwa tangu kale kuwa ni katika mambo yanayoupamba uso, hata binti akisifiwa kwa uzuri wake, mwanya hutajwa pamoja na macho na shingo. Kwa hiyo mtu wa pwani anapoingia kwa tabibu wa meno kutaka mwanya wake uzibwe, suala lake halifanani na la yule aliyekuja kwa jino bovu, kwa kuwa jambo analotaka kuliondoa ni sifa machoni pa nyanya yake, na yamkini ni aibu machoni pake mwenyewe, naye amekuja kumtaka mtu wa tatu, aliyeshika vyombo mkononi, awe kadhi baina yao.

Sura hii inahusu mabadiliko madogo tu: mwanya wa milimita 1 mpaka 3, na meno yaliyopinda au kupandana kidogo, ambayo hayamzuii mtu kutafuna wala kusema. Nitaeleza namna kazi hiyo inavyofanywa na kiasi kinachoongezwa au kusukumwa, kisha nitatafuta ni wapi marekebisho yanapokoma na mageuzi ya wajihi yanapoanza. Dai langu ni kwamba mpaka huo upo, na kwamba aghalabu unaweza kupimwa kabla ya kuvukwa.

Jambo la kwanza ni kujua mwanya umetoka wapi, kwa sababu mianya inayofanana machoni hutofautiana kwa asili zake. Mtoto wa miaka 7 mpaka 12 aghalabu huwa na mwanya kwa maumbile tu, maana meno yake ya mbele ya utu uzima yamekwisha kuota ilhali chonge zake zingali juu ndani ya mfupa, nazo zinaposhuka, kwenye umri wa miaka 11 au 12, huyasukuma yale ya mbele yakakaribiana, na mwanya usiozidi milimita 2 mara nyingi hujifunga wenyewe. Mzazi anayeharakisha kumfungia mtoto huyo mwanya, au kumkatia kigwe cha nyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi, anatibu kitu ambacho pengine kingeondoka bila ya mkono wa mtu.

Kwa mtu mzima sababu ni nyingine. Huenda kile kigwe cha nyama kikawa kinene, kimeshuka mpaka katikati ya meno, na tabibu hukitambua kwa kuuvuta mdomo juu na kuangalia kama ufizi ulio nyuma ya meno unageuka mweupe kwa kukosa damu. Huenda meno ya pembeni, yale yaliyo kati ya meno makubwa ya mbele na chonge, yakawa madogo kuliko kadiri, au moja lisiwepo kabisa, ikabaki nafasi isiyo na mwenyewe. Huenda kukawa na jino la ziada lililojificha ndani ya mfupa, ambalo halionekani ila kwa picha ya eksirei. Na huenda ikawa taya ni pana na meno ni ya kawaida, hapana ila yoyote, ndivyo alivyoumbwa yeye na mamake na mama wa mamake.

Mwanya mmoja tu ndio wa kuogopwa, nao ni ule unaofunguka ukubwani. Mtu aliyekuwa na meno yaliyogusana tangu ujana, kisha kwenye umri wa miaka 40 akaona yanaachana, au akaona mwanya wake wa zamani unapanuka, huyo aghalabu amepata dalili ya maradhi ya ufizi, ambayo hula mfupa unaoyashika meno polepole na bila ya maumivu. Kumzibia mwanya kabla ya kumtibu ufizi ni kuifunika dalili na kuyaacha maradhi yaendelee.

Na sasa tumchukulie, kwa ajili ya hesabu, binti wa miaka 26 wa Tanga, mwalimu wa shule, mwenye siha njema ya ufizi na mwanya wa milimita 2. Meno yake mawili ya mbele yana upana wa milimita 8.5 na urefu wa milimita 10.5 kila moja. Hizo ni kadiri za kawaida kabisa, na upana wake ni kama sehemu 81 kwa 100 za urefu, ilhali meno yanayosifiwa kwa uzuri aghalabu huwa kati ya 75 na 80.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuongeza rizini, yaani ule ujazo wa rangi ya jino unaotumika siku hizi kuzibia matundu. Tabibu huchagua rangi kwanza, meno yakiwa bado na mate, kwa kuwa jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, na anayechagua rangi baadaye hujikuta ametengeneza jino la chokaa. Kisha huyatenga meno na mate kwa shiti ya mpira, hupaka tindikali ya fosfori upande wa jino kwa muda wa nusu dakika au chini yake mpaka enameli igeuke nyeupe iliyofifia, husuuza, hukausha, hupaka gundi, halafu huweka rizini tabaka baada ya tabaka, kila tabaka lisizidi milimita 2, na kila moja hugandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Hapana kuchonga jino, na mara nyingi hapana hata sindano ya ganzi. Kazi humalizika kwa kikao kimoja, na kwa sababu jino lenyewe halikukatwa, siku yoyote rizini hiyo yaweza kuondolewa na binti akarejea karibu sana na alivyokuwa.

Walakin hesabu haijakwisha. Ili mwanya wa milimita 2 ufungike wote, kila jino lazima liongezwe milimita 1, na upana wake ufike milimita 9.5. Urefu haukubadilika. Sasa upana ni kama sehemu 90 kwa 100 za urefu, na yale meno mawili yaliyokuwa na kadiri ya kawaida yamekuwa karibu mraba. Binti ataondoka na mwanya uliofungwa na meno mawili mapana ambayo hakuyaomba, na atakapojitazama kwenye kioo nyumbani ataona kwamba kuna jambo halikukaa sawa, asiweze kulitaja jina lake, kwa kuwa alikwenda kuangalia nafasi na hakuna aliyemwambia aangalie umbo.

Hapo ndipo jambo moja huanza kuvuta jingine. Ili kurudisha uwiano, tabibu hushauri ncha za meno zirefushwe nusu milimita, na uwiano hushuka kuwa 86. Lakini meno yaliyorefushwa sasa yanayapita sana yale ya pembeni, basi nayo yaongezwe, na chonge nazo, zikibaki jinsi zilivyo, zitaonekana fupi. Mtu aliyekuja kwa ajili ya milimita 2 za hewa sasa anazungumziwa juu ya meno 6, na kila hatua katika mlolongo huo ina sababu yake iliyo sahihi. Hivi ndivyo mageuzi makubwa yanavyoingia: hayaji kwa pendekezo moja la kutisha, huja kwa marekebisho ya marekebisho.

Fundi hodari anayo hila ya kuukata mlolongo huu mwanzoni. Kila jino la mbele lina matuta mawili ya wima, upande huu na huu, yanayoakisi mwanga, na jicho hupima upana wa jino kwa umbali uliopo baina ya matuta hayo zaidi kuliko kwa kingo zenyewe. Akiyaacha matuta mahali yalipokuwa, na akaiviringisha ile rizini aliyoiongeza iingie ndani kidogo, jino lililopanuka huonekana jembamba kuliko lilivyo. Lakini hila hii ina kikomo, na kikomo chake ni kidogo, nacho kwa meno kama ya binti huyu ni kama nusu milimita kwa kila jino. Nusu na nusu ni milimita 1, maana yake mwanya wake utapungua kwa nusu, nao utabaki kuwa mwanya.

Njia ya pili ni kuyasogeza meno yenyewe, ama kwa waya wa meno uliogandishwa, ama kwa vile vifuniko vya plastiki angavu vinavyovaliwa saa 22 kwa siku na kubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili. Kifuniko kimoja hulisogeza jino kwa kadiri ya robo milimita, kwa hiyo milimita 1 kila upande haihitaji ila vifuniko vichache, pamoja na vya kusawazisha mwishoni. Upana wa jino haubadiliki, na watu wengi wanaposikia hivyo husema kwamba hii basi ndiyo njia isiyogusa kitu. La hasha. Meno mawili yakisogea kati, nafasi haipotei, huhama tu: milimita 2 zilizokuwa katikati sasa ni milimita 1 nyuma ya jino hili na milimita 1 nyuma ya lile.

Nafasi hizo zifanywe nini? Ikiwa meno ya pembeni ya binti yalikuwa madogo, tuseme milimita 5.5, yakiongezwa rizini milimita 1 yatafika 6.5, ambayo ndiyo kadiri yake ya kawaida, na kazi itakuwa imekamilika vizuri kuliko njia nyingine yoyote, maana kasoro imetibiwa palipokuwa na kasoro. Lakini yakiwa yamekwisha kuwa 6.5, kuyaongeza ni kuyakuza bila sababu, na njia iliyobaki ni kuirudisha nyuma safu yote ya meno ya mbele, kwa kadiri ya milimita 1 kwa kila milimita 2 za nafasi zinazofungwa. Hilo linawezekana tu kama meno ya juu yalikuwa yametangulia mbele ya yale ya chini kupita kadiri. Yasipokuwa hivyo, ya juu yatagongana na ya chini, yatasuguana, na baada ya miezi yatasukumana mpaka mwanya ufunguke upya. Na mdomo wa juu, ambao hulala juu ya meno, huyafuata yanaporudi nyuma, ijapokuwa kwa milimita 1 mabadiliko yake ni madogo mno hata wengi hawayaoni.

Aliyesogezewa meno ana sharti jingine ambalo aghalabu husemwa kwa haraka. Nyuzi za ufizi zinazozunguka shingo ya jino hukumbuka mahali lilipokuwa, na mwanya wa katikati ni miongoni mwa mambo yanayorejea kwa urahisi kuliko yote. Kwa hiyo waya mwembamba hugandishwa nyuma ya meno mawili ili yasiachane, nao hukaa maisha, wala si mwaka mmoja au miwili. Ukikatika bila ya mtu kujua, mwanya waweza kuanza kurudi katika majuma machache. Anayeambiwa kwamba kazi itakwisha siku vifuniko vitakapokwisha ameelezwa nusu ya habari.

Lipo na jambo la ufizi. Palipokuwa na mwanya, ufizi wa kati huwa bapa, na meno yanapokutanishwa hutakiwa uinuke uwe ncha, ujaze pembe iliyo kati ya ufizi na mahali yanapogusana. Usipoinuka, hubaki tundu dogo jeusi la pembetatu, ambalo wengi huliona baya kuliko mwanya walioukimbia, kwa kuwa mwanya ulikuwa wazi na ulionekana wa makusudi, na tundu lile huonekana kama uchafu. Utafiti wa Tarnow na wenzake wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba umbali kutoka mahali meno yanapogusana mpaka kwenye mfupa ukiwa milimita 5 au chini, ufizi hujaza karibu daima. Ukiwa 6, hujaza katika zaidi kidogo ya nusu ya watu. Ukiwa 7, katika kama robo tu. Tabibu anayeujua umbali huu kabla ya kuanza anaweza kulizuia tundu hilo kwa kukisogeza kituo cha kugusana karibu zaidi na ufizi, na asiyeupima humwachia mgonjwa augundue nyumbani.

Naye mgonjwa anaweza kuikagua kazi ya rizini mwenyewe. Uzi wa meno upite kati ya meno kwa shida kidogo kisha uteleze, usikwame wala usichanike. Ukichanika, kuna ukingo uliobaki karibu na ufizi, na ukingo huo hukusanya uchafu. Ufizi unaotoka damu mahali hapo baada ya wiki mbili za kusafisha vizuri unashtaki kazi, haumshtaki mwenye meno. Rizini, kwa wastani, hudumu miaka kama 5 mpaka 10, huku ikipasuka vipande hapa na pale, na chai ya rangi, kahawa, tumbaku na tambuu huigeuza rangi mapema kuliko jino lenyewe.

Kabla sijaacha habari za vyombo, nitataja kimoja ambacho si cha tabibu. Kuna watu wanaouziwa vipira vidogo vya kuzungushia meno mawili ya mbele ili yavutane, kwa bei ya chini na kwa ahadi ya majuma machache. Jino la mbele huwa jembamba kadiri linavyokwenda kwenye ncha ya mzizi, basi kipira hupanda, huingia chini ya ufizi, hupotea machoni, na huendelea kupanda huku kikikata mishipa na mfupa unaolishika jino. Yamewahi kupotea meno mawili mazima kwa njia hii, kwa watoto waliokuwa na mwanya wa kawaida tu.

Ama meno yaliyopinda kidogo, kanuni ni ile ile, ila hesabu hugeuka: hapa nafasi haitoshi. Ili kuyapanga meno yaliyopandana kwa milimita 1 au 2, tabibu husugua enameli kidogo ubavuni, kwa kadiri isiyozidi nusu milimita kwa kila mahali meno mawili yanapogusana, kisha huyageuza polepole. Jino lililogeuzwa, kama lile lililokuwa na mwanya, hupenda kurejea lilikotoka, nalo hutaka waya wa kulishika. Panapo hitilafu ya ncha tu, ambapo jino moja limezidi jingine kwa chini ya nusu milimita, kusugua kwa dakika chache hutosha. Lakini hadhari inatakiwa kwenye chonge. Ncha ya chonge ndiyo inayoupa mtazamo wa uso ukali au ukakamavu fulani, na kuisawazisha iwe sambamba na jirani zake huuondoa ukali huo. Huenda ndilo alilolitaka mwenyewe, na huenda ikawa hakujua kwamba ndicho alichokuwa nacho.

Na sasa tufike kwenye mpaka wenyewe. Watu wa nchi zetu walijua zamani kwamba meno ni daftari ya utambulisho: Wakamba waliyachonga ya mbele yakawa makali, Wajaluo waling'oa 6 ya chini, na aliyeonekana akicheka alijulikana atokako. Yale yalikuwa mageuzi ya makusudi, ya wazi, yenye jamaa nzima kama shahidi, na mtu aliyafanyiwa ili awe miongoni mwa wenziwe. Mageuzi ya siku hizi hutendeka kinyume, kwa siri, na madhumuni yake aghalabu ni kwamba pasijulikane kilichofanyika.

Katika Uislamu, ambao ndio dini ya wengi katika watu wa pwani, suala hili lina historia ndefu. Katika hadithi iliyopokewa kwa Abdullah bin Masud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, wametajwa katika waliolaaniwa wanawake wanaoyaachanisha meno yao kwa ajili ya uzuri, wakigeuza umbile la Mwenyezi Mungu. Msomaji ataona mara moja kwamba zama zile watu waliusugua mwanya uwepo, na leo tunauziba usiwepo, kwa hamu ile ile ya kupendeza. Kwa upande wa pili imepokewa habari ya Arfaja bin Asad, aliyekatwa pua vitani, akatengeneza ya fedha ikamletea harufu mbaya, na Mtume akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Wengi katika mafakihi walizichukua habari hizi mbili pamoja, wakatenga kati ya kuondoa ila inayomdhuru mtu na kugeuza umbile lililo timamu kwa kutafuta uzuri tu. Sisemi haya kumtolea mtu fatwa, kazi ambayo ina wenyewe. Nayataja kwa kuwa mgawanyo huo ni mkali na wenye manufaa hata kwa asiyekuwa na dini hiyo, maana unamlazimisha mtu ajibu kwanza kama alichonacho kinamdhuru, na kwa namna gani.

Mifano miwili ya watu mashuhuri itatuonyesha jambo hili likitendeka hadharani. Lauren Hutton, mwanamitindo wa Marekani, alipoanza kazi aliambiwa aufiche mwanya wake, naye alikuwa akiujaza kwa nta wakati wa kupigwa picha, kisha akiitoa. Hakuuziba kamwe, na mwaka 1973 kampuni ya Revlon ilifunga naye mkataba mkubwa wa kutangaza vipodozi vyake, mwanya ukiwa pale pale. Mwaka 2006, katika mashindano ya wanamitindo yaliyokuwa yakionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani, Danielle Evans alitakiwa aufunge mwanya wake. Alikataa, akashurutishwa, mwishowe akakubali upunguzwe bila ya kufungwa wote, na akashinda. Miaka 4 baadaye, katika mashindano hayo hayo, mshiriki mwingine alisuguliwa meno ili mwanya wake upanuke. Soko lililomtaka mmoja auzibe ndilo lililomtaka mwingine auongeze, na aliyefuata amri ya soko angekuwa amebadilisha meno yake mara mbili.

Katika visa hivi, nta ya Hutton ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi, kwa kuwa iliweza kutolewa. Matabibu wanacho kitu kinachofanana nayo: ile ile rizini, iliyowekwa bila ya tindikali wala gundi, ikagandishwa kwa taa, hukaa muda mfupi na huondoka kwa kuchokonolewa. Yeyote anayetaka kufunga mwanya ana haki ya kuitaka kabla ya kazi yenyewe. Binti wetu wa Tanga awekewe rizini hiyo ya majaribio kwa kadiri mbili, ya kufunga yote na ya kufunga nusu, na katika kila hali apigwe picha akicheka na akiwa kimya, kisha asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kusoma ni muhimu, kwa sababu herufi za s na z hupita kwenye mwanya, na za th na dh hutamkwa kwa ncha ya ulimi kwenye meno ya juu, na aliyezoea mwanya tangu utoto amejenga matamshi yake kuuzunguka. Ulimi aghalabu huzoea katika siku au majuma machache, lakini mwalimu anayesema mbele ya wanafunzi mchana kutwa ana haki ya kujisikia kwanza.

Kisha na aulizwe mtu anayemjua sana, ambaye hakuambiwa kilichofanyika, kama mamake au ndugu yake. Jibu lake ni la namna tatu. Akisema, "Leo umependeza," asijue kwa nini, basi marekebisho yamebaki kuwa marekebisho. Akisema, "Umeziba mwanya," kitu kimoja kimebadilika na kimejulikana kwa jina lake, na mwenye uso anaweza kuamua kama yuko radhi nacho. Lakini akimtazama kwa tashwishi, akasema kwamba kuna kitu kimegeuka wala hajui nini, hapo mpaka umekwisha kuvukwa, kwa sababu vitu kadhaa vimebadilika kwa pamoja, upana wa meno na urefu wake na mwanga wake, na uso umeacha kuwa ule uliofanyiwa kazi.

Kwa hiyo mpaka hauko kwenye milimita za nafasi zilizofungwa. Mwanya wote wa milimita 1 waweza kufungwa na mtu akabaki yeye yule, na mwanya wa milimita 3 waweza kufungwa kwa kuyasogeza meno yenye kadiri zake mtu akabaki yeye yule pia. Uso hugeuka pale meno ambayo hayakuwa na kasoro yanapoanza kubadilishwa ili yaendane na jino lililobadilishwa. Na hatua isiyorudi nyuma ni ile ya kuchonga enameli kwa ajili ya vigamba vya kauri, ambavyo huhitaji kuondolewa kwa kiasi cha theluthi moja mpaka theluthi mbili za milimita kutoka kwenye jino ambalo enameli yake yenyewe, karibu na ufizi, yaweza kuwa na unene wa kiasi hicho tu. Enameli haioti tena, na vigamba vitabadilishwa mara kadhaa katika maisha ya kijana, kila mara juu ya jino dogo zaidi.

Nasaha yangu kwa msomaji mwenye mwanya, au mwenye jino lililopinda, ni hii. Ikiwa mwanya umefunguka ukubwani, mwone tabibu wa ufizi kwanza na uache habari za uzuri. Ikiwa ni wa kuzaliwa na unakukera kwa haki, anza na njia inayoweza kutenguliwa, jaribu kwa rizini isiyogandishwa na gundi, na uliza kama nusu haitoshi, kwa kuwa kufunga kilichobaki mwakani ni kazi ya saa moja. Tabibu akitaka kugusa jino la tatu, mwambie akueleze lina kosa gani lenyewe. Asipokuwa na jibu ila kwamba lifanane na mawili uliyokuja nayo, inuka umshukuru, na uende zako na meno yako.